Deni na Zawadi: Wosia kwa Wajukuu Wangu wa Kalehe

Wajukuu wangu, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye mabenchi yangu ya darasa la sita,

Nawaandikia nikiwa barazani, ziwa liko chini yangu na Idjwi inaonekana ng'ambo kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Daktari amenieleza mambo ambayo sitayarudia hapa. Yatosha mjue kwamba napanga vitu vyangu. Shamba la kahawa nimekwisha kuligawa, na karatasi zake ziko kwa mama yenu mkubwa. Limebaki neno moja ambalo nimelikwepa miaka mingi, na si vizuri mtu azikwe na neno lake.

Oktoba iliyopita, tulipotoka kwenye misa ya kumkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mmoja wenu aliniuliza mbele ya wenzake: "Babu, yeye alibaki Bukavu mpaka akauawa. Wewe siku zile ulikuwa wapi?" Nilicheka, nikakohoa, nikaomba maji. Mliona kwamba sikujibu, na kwa heshima mkanyamaza. Leo najibu. Siku zile nilikuwa nakimbia.

Kabla ya kunihukumu, au kunisamehe haraka, nisikilizeni mpaka mwisho. Katika kukimbia kule kuna jambo ambalo sikutakiwa kulionea aibu, nami niliona aibu miaka kumi. Na kuna jambo nililotakiwa kulionea aibu, nami sikuliona kabisa. Wosia wangu ni huo tu: mjue kutofautisha hayo mawili.

Nianze na kitu mnachokijua, kile kipoyi kinachoning'inia ukutani nyuma ya jiko. Miti miwili, kitanda cha kamba katikati, watu wanne begani. Huku kwetu mlimani mgonjwa anashuka hospitali kwa kipoyi, na tangu zamani kila nyumba ina zamu. Mvua ikinyesha, usiku ukiwa mzito, wa zamu anaamka. Akikataa bila sababu, wazee wanamwita, analipa faini ya pombe, na siku mama yake akiugua atajua kwa nini majirani wanachelewa kufungua milango. Hilo linaitwa deni. Lina mwenye kulidai, lina kiasi, na asiyelilipa analaumiwa kwa haki.

Sasa mfikirie mtu ambaye zamu yake inaishia kwenye kijito. Anafika pale, wenzake wa mlima wa pili wanapokea mti, naye yuko huru kurudi kulala. Lakini anamwona mmoja wa wapokeaji ni mdogo na mnyonge, basi anabaki na mti begani mpaka chini, kisha anakaa na mgonjwa hadi asubuhi na kumnunulia uji. Huyo tunamsifu. Je, wale watatu waliorudi kulala tunawalaumu? Hapana. Wamelipa deni lao lote. Yeye amelipa deni, kisha juu yake ameweka zawadi.

Hapo ndipo penye fundo la mambo yote. Tendo la namna hiyo ni jema kabisa, pengine jema kuliko yote ya usiku ule, na hata hivyo asiyelitenda hakosi kitu. Mtu mvivu wa kufikiri atasema haiwezekani: kama ni jema hivyo, basi lazima litendwe, na kama si lazima, basi si jema sana. Wenye elimu nao walijikwaa hapohapo kwa muda mrefu. Walikuwa na vyungu vitatu tu: yaliyoamriwa, yaliyokatazwa, na yaliyoachwa huru kama kuchagua kula viazi au muhogo. Mwaka 1958 mwalimu mmoja wa falsafa wa Uingereza, Urmson, aliandika juu ya watakatifu na mashujaa akionyesha kwamba vyungu hivyo havitoshi. Alitoa mfano wa askari anayejilaza juu ya bomu la mkono ili wenzake wapone. Kamanda hawezi kumwamuru afanye vile. Wenzake hawawezi kumlaumu mwingine yeyote kati yao kwa kutojilaza. Lakini nani atasema kwamba kujilaza kule ni sawa na kuchagua viazi badala ya muhogo? Kinahitajika chungu cha nne.

Watu wa dini walikuwa wamekijua chungu hicho mapema zaidi. Ndugu zetu Waislamu wana lugha safi kuliko yetu: faradhi ukiiacha una dhambi, lakini sunna ukiitenda una thawabu, na ukiiacha huandikiwi dhambi. Sisi Wakatoliki tunatenganisha amri na mashauri ya Injili. Yule kijana tajiri alikwisha kuzishika amri. Kuuza mali zake zote kulitajwa kwa anayetaka ukamilifu. Na yule Msamaria aliyemwokota mtu njiani alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili, akaahidi kwamba kitakachozidi atakilipa akirudi. Neno la Kilatini linalotumika pale kwa gharama ya zaidi ndilo lililowapa wanateolojia jina la matendo yanayopita wajibu. Jina zima la jambo hili limetoka kwenye bili ya nyumba ya wageni.

Rafiki yangu mchungaji wa Kiprotestanti, tuliyebishana naye miaka thelathini, hakubali. Anasema mbele za Mungu hakuna ziada; ukitenda yote bado wewe ni mtumishi uliyefanya yakupasayo. Mimi humjibu kwamba huenda mbele za Mungu ni hivyo, maana Yeye ndiye aliyetupa hata hiyo pumzi tunayoitoa. Lakini mimi nazungumzia madeni ya watu kwa watu. Je, jirani yako ana haki ya kukudai uhai wako kama anavyokudai jembe uliloazima? Hapo rafiki yangu hunyamaza, kisha huomba chai.

Sasa nije kwa Munzihirwa, kwa sababu ndiye mliyeniulizia.

Wengi wenu mnajua siku moja tu ya maisha yake, ile ya mwisho. Mimi nataka muijue na nyingine. Alizaliwa mwaka 1926, huku huku Kivu ya Kusini, upande wa Walungu. Akapewa upadri mwaka 1958, baadaye akaingia kwa Wajesuiti. Mwaka 1971 Mobutu aliwakasirikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, akaamuru waingizwe jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa, mlezi wao, hakuwa kwenye orodha. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka arobaini, padri, na hakuna aliyemtaka avae magwanda. Aliomba mwenyewe aandikishwe pamoja nao. Pimeni tendo hilo kwa kipoyi chetu. Zamu yake ilikuwa imeishia kwenye kijito. Hakuna mwanafunzi ambaye angeweza kumwambia, "Padri, ulitudai uaminifu, nawe umetukimbia." Angebaki chuoni, akawaandikia barua, akawaombea, angekuwa amelipa deni lake la ulezi. Kuingia kambini ilikuwa zawadi tupu.

Siku ya mwisho ni ngumu zaidi kuipima. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifurika kwetu. Mimi niliwaona hapa Kalehe wakikata miti ya kuni mpaka mlima ukabaki uchi. Askofu Mkuu alisema wazi juu yao na juu ya vita vilivyokuwa vinakuja, huku wengine wakinong'ona. Oktoba 1996 vita vikafika. Uvira ikaanguka, kisha vikageukia Bukavu. Wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi wakaondoka mjini. Yeye akabaki, akiwahimiza watu watulie na wasaidiane. Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa na askari pale Nyawera. Alishuka akiwa na msalaba mkononi, wakamwua, yeye na waliokuwa naye. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake.

Je, kubaki kwake kulikuwa deni au zawadi?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko mnavyodhani, na aliyelijibu vizuri kuliko wote ni Mwafrika. Karibu mwaka 429 Wavandali walikuwa wakiteketeza Afrika ya Kaskazini. Askofu mmoja, Honorato, alimwuliza Agostino wa Hipo kama ni halali kwa maaskofu na mapadri kukimbia. Agostino hakumjibu kwa ndiyo wala hapana. Alitenganisha hali. Ikiwa anayetafutwa ni mtu mmoja peke yake, na wapo wengine watakaowahudumia watu, huyo anaweza kukimbia; ndivyo Paulo alivyoshushwa ndani ya kapu kwenye ukuta wa Damasko. Ikiwa watu wote wanaweza kuhama, waende wote pamoja na mchungaji wao. Lakini hatari ikiwa ni ya wote, na wako wasioweza kuondoka, basi mwenye kazi ya kuwahudumia asiwaache. Na ikitokea mapadri wote wanataka kubaki, na kuna hofu kwamba wote wakifa watu watakosa mhudumu, basi wapige kura nani abaki na nani aondoke. Mwaka uliofuata Agostino alikufa kwa ugonjwa akiwa Hipo, adui wakiwa wameuzunguka mji.

Angalieni ile kura, maana ndiyo inayoniambia mengi. Kama kufa kungekuwa deni la kila padri, kusingekuwa na cha kupigia kura. Wote wangebaki wafe. Kinachodaiwa ni huduma isikatike. Hilo ndilo deni, nalo linaweza kugawanywa kwa zamu kama kipoyi.

Kwa kipimo hicho, naona hivi. Munzihirwa alikuwa askofu wa mji ambao maelfu hawakuweza kuondoka, na kazi ile aliipokea kwa hiari yake. Kubaki karibu nao, hata kwa hatari, kulikuwa sehemu ya deni la kazi hiyo, kama daktari asivyokimbia kipindupindu na nahodha asivyokuwa wa kwanza kuruka majini. Lakini kazi inaweza kukudai ubaki penye hatari; haiwezi kukudai kifo chenyewe. Kusema kwa sauti wakati ukimya ungemfunika, kuzunguka mjini wakati kuta za nyumba ya askofu zingemsitiri, kubeba mzigo ambao wenye mamlaka ya mji walikuwa wameutua wakaondoka: hayo alituongezea. Ndiyo maana tunamsifu, na ndiyo maana hatuwezi kumwambia mwingine, "Kwa nini na wewe hukufa?"

Sasa mimi. Nilikuwa mwalimu, mwenye mke na watoto wanne, mdogo akiwa na miezi saba. Vita vilipopanda barabara ya ziwa kuja huku, tulifunga vitu usiku tukapanda milimani. Niliposikia baadaye jinsi Askofu Mkuu alivyokufa, nilijiona mwoga. Kila Oktoba nilikaa benchi la nyuma kanisani. Miaka kumi, wajukuu wangu. Nilikuja kupona siku nilipojiuliza swali la Agostino: nani alikuwa ananitegemea siku ile, na nani mwingine angeshika nafasi yangu? Walikuwa watoto wale wanne. Mmoja wao ni mama yenu. Kuwatoa ndilo lililokuwa deni langu, nililipa, na sikuwa na deni la kwenda Nyawera. Aibu ile haikuwa yangu. Nilikuwa nimeiazima kwa mtu aliyenipita kimo.

Lakini nilipoiweka chini, nikaona nyingine imekaa nyuma yake.

Jirani yetu alikuwa mama mjane, mzee sana, mlango wake hatua kumi kutoka kwangu. Mwanawe alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye machimbo, na kabla ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Mwalimu, mama nakuachia wewe." Nikasema ndiyo. Usiku ule tulipita mbele ya mlango wake. Nilimsikia akikohoa. Nilijiambia kwamba hatutaweza kumbeba, kwamba wengine watamchukua, kwamba watoto watalia. Sikugonga.

Kulikuwa na kijana wa ziwani, mvuvi wa sambaza, hajafika miaka ishirini. Hakuwa ndugu wa yule mama, wala hakumwahidi mtu kitu. Alikuwa amekwisha kuvuka kilima cha pili, yuko salama. Alipotazama watu waliofika na kumkosa yule mama, alirudi chini peke yake, akambeba mgongoni, wakafika kwetu jua likiwa juu. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini alirudi. Alisema tu, "Nilikumbuka kwamba anakohoa, hawezi kujificha."

Hapa ndipo pa kujifunzia, kwa hiyo msipite haraka. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai kijana yule arudi. Angekaa kilimani, mimi ningekuwa mtu wa mwisho kumlaumu. Lakini mimi nilidaiwa kugonga mlango. Sikudaiwa kufa; nilidaiwa hatua kumi na kugonga. Pengine tungeshindwa kumbeba, hata hivyo ningempa nafasi ya kuondoka, ningeita wawili tukasaidiana, ningekuwa nimejaribu. Kwa kuwa sikulipa deni la hatua kumi, ilibidi mtu asiyedaiwa kitu atoe zawadi ya usiku mzima na kuweka uhai wake juu yake. Deni lisilolipwa haliyeyuki. Linahamia kwa shujaa, na linamfikia likiwa limezaa riba.

Tangu hapo, kila nikisikia shujaa anasifiwa, huwa nauliza: ni mlango gani haukugongwa? Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mito ilishuka na mawe na miti ikafagia Bushushu na Nyamukubi. Mnakumbuka harufu ya wiki ile. Miili zaidi ya mia nne ilizikwa, na maelfu hawakuonekana tena. Vijana wa Msalaba Mwekundu walichimba na kuzika mchana kutwa, wajitolea, wengine wakiwa wamepoteza watu wao wenyewe. Tuliwasifu, na walistahili. Lakini nyumba na soko vilikaa kwenye njia ya maji miaka mingi, milima juu yake imenyolewa miti, na kila mtu mwenye mhuri alijua. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli ya Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu pale Kituku, Goma, karibu kabisa na kutia nanga. Gavana alitaja watu 278 ndani yake. Watu kuogelea kwenda kumwokoa mgeni ni zawadi. Meli kutojazwa kupita kiasi, na kila abiria kuwa na koti la kuokolea, ni deni. Mkiwasifu waogeleaji mkasahau idadi ile, mmemsaidia mdaiwa kutoroka.

Mtaniuliza: kama tendo la shujaa ni zuri hivyo, kwa nini tusilifanye sheria ili wote tuwe wazuri? Nina majibu mawili, na yote nimeyaona kwa macho.

La kwanza ni salongo. Ninyi hamkuikuta ile ya Mobutu. Zamani watu walikuwa wakilima shamba la mgonjwa kwa hiari, na kulikuwa na nyimbo. Likaja agizo: kazi ya pamoja ni ya lazima, uzalendo, asiyekuja anakamatwa. Tulienda wote. Tuliegemea majembe kama fimbo, tukasubiri saa ipite, na baada ya miaka michache hata mgonjwa akikosa mlimaji watu walisema, "Hiyo si salongo ya serikali?" Zawadi ikilazimishwa haigeuki kuwa wajibu mwema. Inageuka kuwa kodi, na watu hujifunza kukwepa kodi. Kama kamati ya kipoyi nayo ingetangaza kwamba kila mbebaji lazima afike hospitali na kukesha na mgonjwa, baada ya mwezi mmoja wangeamka wawili badala ya wanne. Kiasi cha deni lazima kiwe kile ambacho mtu wa kawaida, mwenye watoto na mgongo unaouma, anaweza kukilipa maisha yake yote.

La pili ni zito zaidi, na nitalisema taratibu kwa sababu ya siku tulizo nazo. Deni daima lina mdai. Mkikubali kwamba kutoa uhai ni deni la kila kijana, basi mmekubali kwamba yuko mtu mwenye haki ya kuja mlangoni kulidai. Nimewaona wakija, miaka tofauti, nguo tofauti, nyimbo tofauti, wote wakiwa na neno moja mdomoni: "Mashujaa wenu walikufa, na ninyi mnasubiri nini?" Wanachukua zawadi ya marehemu, wanaifanya hati ya deni, wanaandika jina lako chini yake. Kuwalinda watu ni kazi yenye deni lake, kwa askari aliyeapa na kulipwa mshahara. Lakini mtoto wa miaka kumi na tano anayeambiwa kwamba asipobeba bunduki ni msaliti, huyo haombwi ushujaa. Anaibiwa. Kipimo chake si kigumu: tazameni kama anayeidai sadaka hiyo anaitoa yeye mwenyewe, au anaihesabu tu. Munzihirwa mwaka 1971 hakuwaambia wanafunzi waende kambini. Alienda pamoja nao.

Kuna jambo moja limenitatiza muda mrefu, nanyi litawatatiza. Mashujaa wenyewe husema walifanya wajibu wao tu. Yule mvuvi nilipomshukuru alikasirika kidogo, akasema ilibidi. Je, anatudanganya? Hapana. Moyo wake ulimwambia "lazima", naye akautii. Lakini lazima ile ina mlango mmoja tu: mtu anaweza kujiambia mwenyewe, hawezi kumwambia mwenzake. Yule kijana hakurudi kilimani akituuliza sisi wengine kwa nini hatukushuka naye. Hakuniuliza hata mimi, niliyekuwa na deni. Alimweka mama chini, akaomba maji.

Na msije mkajificha kwenye maneno yangu haya. Najua mjanja mmoja kati yenu atasema, "Babu aliandika kwamba si lazima," kila atakapoitwa. Hatari ya kwanza ni kumgeuza shujaa kuwa sheria. Ya pili ni kuita deni dogo zawadi kubwa ili kulikwepa. Mtoto akianguka kwenye mfereji unaofika magotini, kumtoa si ushujaa, hata ukilowesha viatu vipya. Kupiga simu, kuita watu, kutoa ushahidi wa kile ulichokiona, kugonga mlango: hayo hayaombi maisha yako, na mtu akiyakosa analaumiwa. Mkitaka kujua mko upande gani, jiulizeni mambo matatu kwa utulivu. Je, niliahidi, au nilipokea kazi hii? Je, gharama yake ni ile ambayo ningetazamia jirani yangu ailipe kwa ajili yangu? Je, nisipofanya, yupo mwenye haki ya kunitazama usoni na kuniuliza kwa nini? Majibu yakiwa ndiyo, hilo ni deni. Lipeni bila kungoja makofi. Yakiwa hapana, mko huru. Mkitoa, toeni kwa furaha na msiwadai wengine. Msipotoa, rudini mkalale, wala msiazime aibu.

Yule mama alifariki miaka mitatu baada ya vita, kitandani kwake. Mwanawe alirudi kutoka machimboni akanishukuru kwa kumtunza mama yake. Nilipokea shukrani ile. Hilo ndilo lililokuwa likinikohoza Oktoba iliyopita. Mwanawe bado yu hai, na wiki ijayo, Mungu akipenda, nitamwita hapa barazani nimweleze mwenyewe, maana hilo nalo ni deni na mwenye kulidai yupo.

Nikiondoka, msinisifu kwa nisiyoyafanya. Semeni alikuwa mwalimu, alilea watoto wanne, aliacha mlango mmoja bila kugongwa. Kipoyi nawaachia. Kamba ya upande wa kichwani imechakaa. Ibadilisheni kabla ya mvua za Septemba. Zamu ya nyumba yetu ni Jumanne na Ijumaa.

Babu yenu,
Kalehe